Vidole vinawasha usiku, na sasa nyumba nzima inajikuna

*Sista habari yako. Niko huku Kaptembwo, Nakuru, naomba unisaidie kabla nijitoe ngozi. Kijana wetu wa fomu wani alirudi kutoka bodingi akijikuna katikati ya vidole, kemisti akampea BBE, akajipaka siku moja ikatulia kidogo. Halafu mdogo wake wa gredi ya pili, wanalala kitanda kimoja, naye akaanza. Kemisti ingine ikampea krimu ya tyubu ndogo, ikapoa kama wiki hivi, sasa imelipuka mpaka kwa matako. Saa hii ni mimi, vidole na chini ya matiti, usiku silali. Kababy ka miezi nane bado kananyonya, kametoka vipele kwa viganja na nyayo na vingine viko na usaha. Mzee hana kitu, anasema ni uchafu wetu na yeye hawezi paka dawa ya ugonjwa hana. Jirani anasema ni kunguni, mwingine ati ninunue dawa ya kuogesha ng'ombe kwa agroveti. Tuko chumba kimoja. Nifanye nini?*

*Mama wa Watatu*

Pole sana mama. Kabla tuongee mengine yote, hiyo dawa ya ng'ombe iache hapo hapo kwa agroveti. Dawa nyingi za kupe ziko na sumu inayoshika mishipa ya fahamu, na ngozi ya mtoto imekwaruzwa mpaka ikatoka vidonda inaivuta ndani haraka, unashtukia mtoto anatoa mate, anatapika, anapumua kwa shida. Na mtu asikudanganye pia na ile ivermektini ya sindano ya mifugo, ati ni dawa ileile. Ivermektini ya watu iko, ni tembe, daktari anaipima kwa kilo, na hatupei mtoto hajafikisha kilo 15 wala mama mjamzito.

Sasa vile umeeleza, hiyo inakaa upele kabisa, ule wa wadudu, kwa kadi ya kliniki utaona tumeandika skabisi. Mimi sijaona ngozi yenu kwa hivyo lazima mwende disipensari muangaliwe, sana sana huyo mdogo mwenye usaha, lakini barua yako iko na dalili karibu zote. Huyo mdudu anapenda ngozi laini na mahali pa mikunjo: katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kwapa, chini ya matiti, mahali mshipi unapita, matako, na kwa wanaume sehemu za siri. Kwa mtu mzima uso huwa anauacha. Mtoto mchanga ngozi yake ni laini kila mahali, ndio maana anashikwa hadi viganja na nyayo, wengine hadi kichwani. Kuwasha kunazidi usiku mkishaingia kwa blanketi na mwili ukapata joto. Halafu angalia vile imetembea kwa nyumba yako, kijana mkubwa, halafu yule wanalala pamoja, halafu wewe, halafu yule unambeba na kumnyonyesha. Hakuna kunguni anatembea hivyo akifuata nani analala na nani.

Kunguni anauma mahali hapajafunikwa, mkono, shingo, miguu, mara nyingi alama ziko kwa mstari, na akishashiba anarudi kwa mshono wa godoro, ukikagua huko utapata vidoadoa vyeusi. Hakai ndani ya ngozi na hana shughuli na katikati ya vidole. Ukweli ni kwamba kwa ploti zetu unaweza kuwa na vyote viwili, kwa hivyo ukipata kunguni usifikirie umemaliza kesi.

Kuna kitu unaweza kujaribu nyumbani. Mchana, karibu na dirisha ama nje kwa mwanga, angalia pembeni za vidole vya kijana na upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usiangalie kipele kimekunwa, tafuta mahali kucha hazijafika. Unatafuta kamstari kembamba ka rangi ya kijivu ama nyeupe, kamepinda kidogo, urefu wake nusu sentimita ama sentimita moja hivi. Hiyo ndio shimo jike amechimba, anatembea chini ya ngozi ya juu huku akitaga. Chukua kalamu ya rangi ya watoto ile ya wino wa maji, paka hapo juu, ngoja kidogo, halafu panguza na pamba yenye spiriti. Wino wa juu utatoka lakini ule umeingia kwa shimo utabaki, utaona mstari umejichora. Usipouona haimaanishi hamna. Mtu wa kawaida mwenye huu ugonjwa ako na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili wote, na jike mwenyewe hafiki hata nusu milimita, kwa hivyo hata sisi kliniki mara nyingi tunaamua kwa kusikia hadithi ya familia na kuangalia mahali vipele vimekaa.

Sasa tuje kwa mzee, juu hapo ndio kesi yako yote imelala, na ningefurahi kama angesoma hapa mwenyewe.

Kule kuwasha si mdudu anauma. Ni mwili unakataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, ni aleji. Na mwili ambao haujawahi kukutana na huyu mdudu unachukua wiki 4 hadi 6 ndio uanze kukataa. Hizo wiki zote mtu halali vibaya, hajikuni, ngozi ni safi, na ndani jike anataga mayai 2 au 3 kila siku, na huyo mtu anaambukiza wenzake vizuri tu. Kwa hivyo mzee kusema hana kitu haina maana yoyote mkiwa mnalala kitanda kimoja. Pengine hana kweli, pengine ako wiki ya tatu. Hakuna mtu anaweza kujua kwa kumuangalia, na ndio sababu hatutibu mwenye anajikuna, tunatibu nyumba.

Na hapo ndio utaona kwa nini mmezunguka hivi. Kijana labda alipata huko bweni hata mwezi mmoja kabla ya kufunga. Siku alipaka BBE, mdogo wake alikuwa tayari amebeba wadudu bila kuwashwa, na usiku huohuo wakalala blanketi moja, na hii baridi ya Nakuru nani atawatenganisha. Mtu ameshawahi kupata huu ugonjwa mwili wake unakumbuka, akiambukizwa tena haongoji wiki, anaanza kuwashwa kati ya siku 1 na 4. Kwa hivyo ni rahisi kuona kama dawa ilikuwa feki, kumbe dawa ilifanya kazi na akarudishiwa na ndugu yake. Pia kupaka mara moja peke yake haitoshi, mayai mengine yanaponyoka na yanaanguliwa baada ya siku 3 au 4.

Ile tyubu ndogo nayo, angalia imeandikwa nini. Kama ni betamethasoni ama klobetasoli, hiyo ni stiroidi. Inatuliza ule ubishi wa mwili, kuwasha kunapungua, wekundu unapotea, na mdudu anabaki akiendelea na kazi bila kusumbuliwa. Ndio hiyo wiki moja ya amani. Baadaye vipele vinatokea vikiwa vingi na vimebadilika sura mpaka daktari mwenyewe anachanganyikiwa. Acha kuitumia, na ubebe hiyo tyubu uende nayo kliniki waione.

Mambo ya uchafu mwambie aachane nayo. Mdudu ako ndani ya ngozi, hata uoge mara tatu kwa siku na sabuni ya dawa hatoki. Anahama ngozi ikigusana na ngozi kwa muda, si salamu ya haraka hapo nje, ni kulala pamoja, kubeba mtoto, kushikana. Waziri akilala na mtu mwenye upele atapata upele.

Basi tufanye hivi. Wiki hii mpeleke mdogo disipensari, hivyo vipele vya usaha vimeingiliwa na bakteria na pengine atahitaji antibayotiki, hiyo haiui wadudu lakini inatibu vidonda. Hapo uombe dawa ya nyumba nzima kwa wakati mmoja, usikubali chupa ya mtu mmoja. Kwa mtoto na wewe unayenyonyesha mimi napendelea krimu ya permethrini asilimia 5, ni pole kwa ngozi na inaruhusiwa mtoto akishapita miezi 2. Tyubu ya gramu 30 inatosha mtu mzima mara moja, mtoto anatumia kidogo tu. Ni ghali kuliko BBE, kwa hivyo kwa mzee na hao vijana wawili BBE ya asilimia 25 iko sawa. Kijana mkubwa na baba yake wanapaka vile iko kwa chupa. Huyu wa gredi ya pili inachanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha dawa kijiko kimoja cha maji, usipime kwa macho. Kama permethrini imekosekana kabisa, mtoto wa miezi nane hupakwa BBE kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya maji, inakaa saa 12 tu anaoshwa, na haurudii bila kuambiwa na daktari.

Chagua Jumamosi jioni, juu Jumapili watu wako nyumbani na hakuna mtu anaharakisha kuoga aende kazi. Kata kucha zote, za kila mtu. Muoge na maji ya vuguvugu, si ya moto, mjipanguze, mngoje ngozi ikauke na kupoa, dawa ikipakwa juu ya ngozi ya moto inawasha vibaya na inaingia mwilini zaidi. Halafu mnapaka kutoka chini ya taya mpaka nyayo, na hapa ndio watu wengi wanaharibu, wanapaka mahali panawasha tu. Paka kila mahali kama vile unapaka mafuta ya kujipaka na hutaki kuacha hata kidoa: nyuma ya masikio kushuka, katikati ya vidole vya mikono na miguu, kitovu, kwapa, mstari wa matako, ngozi ya sehemu za siri kwa nje, na chini ya kucha tumia mswaki mzee. Mgongo apakwe na mwingine. Wewe na mzee mpakane, atakubali zaidi. Mtoto anapakwa hadi kichwa na uso, ukiruka macho na mdomo, halafu mvalishe soksi mikononi asilambe dawa.

BBE itachoma kidogo dakika za kwanza, sana mahali pamekunwa, vumilieni, itapoa, lakini mtu akiwaka moto kupita kiasi aioshe na kesho aende kliniki. Usipake juu ya kidonda kibichi.

Permethrini inakaa saa 8 hadi 14, kwa hivyo wewe na mtoto mnaoga Jumapili asubuhi. Wa BBE wanakaa nayo saa 24, wanaoga Jumapili jioni. Katikati hapo ukiosha mikono, baada ya nepi ama vyombo, unapaka mikono tena. Mikono ndio nyumba kubwa ya huyu mdudu na ndio kitu cha kwanza mama anaosha, nimeona familia imefanya kila kitu sawa na imeangushwa na hapo tu. Chuchu unasafisha kabla mtoto anyonye, akimaliza unapaka tena kama masaa hayajaisha.

Jumamosi inayofuata mnarudia, wote, pamoja na huyo mzee bila kipele. Wale walikuwa mayai wakati wa kwanza sasa wametoka na hawajafika umri wa kutaga, ndio maana wiki moja. Kuna vituo wanaandika BBE usiku mbili zinazofuatana badala ya kungoja wiki, ukiandikiwa hivyo fuata hivyo, usichanganye njia mbili.

Nguo sasa, na usijiue na maji ya kununua. Mdudu akitoka kwa mtu hamalizi zaidi ya siku 2 au 3 anakufa, na haruki wala hapai. Kwa hivyo shughulika na vitu vimegusa ngozi hizo siku tatu za mwisho tu: shuka, nguo za kulala, taulo, nguo za ndani, shali ya kubebea mtoto. Jumamosi hiyo loweka kwa maji ya moto kabisa dakika kama 10, anika kwa jua, piga pasi yenye inaweza kupigwa. Blanketi nzito na sweta za shule ambazo huwezi chemsha, zifunge kwa gunia ama mfuko wa plastiki uweke kando wiki moja, basi. Godoro litoe juani mchana kutwa halafu utandike shuka safi. Kupuliza dawa ya mende kwa kitanda hakusaidii, inawaumiza tu kifua, na hakuna haja ya kuchoma godoro la mtu.

Kama kuna msichana wa kazi, ama jirani anakubebea mtoto kila siku, ama shosho amekuja kukaa, hao nao wanaingia kwa hesabu ya Jumamosi. Ukijua kuna mama mjamzito hapo katikati mwambie aone muuguzi kwanza, dawa yake iko.

Sasa jitayarishe na hii: baada ya dawa mtaendelea kujikuna. Wadudu wamekufa lakini maiti zao bado ziko kwa ngozi, na mwili unaendelea kuzikataa wiki 2 mpaka 4. Hapo ndio watu wanarudi kwa chupa ya BBE wanapaka kila usiku mpaka ngozi inakauka inapasuka, halafu inawasha zaidi juu ya dawa yenyewe. Usifanye hivyo. Uliza kliniki dawa ya aleji ya kulalia usiku na upake mafuta ya kawaida. Cha kuangalia ni kama kunapungua wiki hadi wiki.

Kuna vitu usingoje Jumamosi. Mtoto akipata homa, ama kidonda kikiwa chekundu kinasambaa na kina joto, peleka leo. Na hata wiki kadhaa baadaye, mtoto yeyote akiamka uso umevimba kwa macho, ama mkojo unatoka rangi ya soda nyeusi, hiyo si ya kemisti, ni hospitali siku hiyo hiyo, kuna bakteria ya hivyo vidonda inaweza kusumbua figo. Na mtu akiwa na ngozi imekuwa magamba mazito kwa mikono hata haiwashi sana, hasa mzee sana ama mtu kinga yake iko chini, huyo anabeba maelfu ya wadudu na krimu peke yake haitoshi.

Kijana hakosi shule, akishapaka na kuoga anaweza kurudi bodingi siku inayofuata. Lakini kabla arudi pigia metroni simu, wala usione aibu, mwambie bweni lote liangaliwe, kwa sababu akilala tena kati ya wenzake ambao hawajatibiwa ataambukizwa upya. Utajua ni mpya na si ule wa zamani unamalizia, kwa sababu atakuwa amepoa halafu ghafla siku chache baada ya kufika bweni anaanza tena katikati ya vidole na vimistari vipya. Ikiwa hivyo asipake peke yake huko. Na akija nyumbani mapumziko akiwa hivyo, hesabu ya Jumamosi inaanza upya kwa wote watano.